Kanuni ya Simpson au nukta za nasibu: ipi ikufae kwa integrali yako?

Ukiwa na integrali isiyokubali fomula, una njia kuu mbili za kuikadiria kwa kompyuta. Ya kwanza ni kupanga nukta kwa hatua zilizo sawa na kuzipa uzito maalumu, kama inavyofanya kanuni ya Simpson. Ya pili ni kuokota nukta kwa nasibu, kukokotoa fanksheni katika kila moja, kisha kuchukua wastani. Hii ya pili ndiyo huitwa Monte Carlo, kwa jina la kasino ya Monako. Walioikuza ni akina Stanislaw Ulam, John von Neumann na Nicholas Metropolis, waliokuwa wakihesabu mienendo ya nyutroni huko Los Alamos miaka ya 1940.

Kwa integrali ya kigeugeu kimoja, njia ya nasibu inashindwa vibaya mno. Hata hivyo wataalamu hawajaiacha kwa miaka yote hiyo, na sababu yake ni ileile inayoifanya iende polepole. Ukiielewa sababu hiyo, uchaguzi hautakusumbua.

Pambano la kwanza: kigeugeu kimoja

Tuchukue integrali ya e^(-x²) kuanzia 0 hadi 1. Fanksheni hii haina kinyume cha unyambuaji kinachoandikika kwa fanksheni za kawaida, lakini thamani ya integrali inajulikana kwa usahihi mkubwa: 0.746824. Kwa hiyo tunaweza kupima kosa la kila njia bila kubahatisha.

Simpson kwanza. Tunagawa kipande katika sehemu nne, tunapata nukta tano: 0, 0.25, 0.5, 0.75 na 1. Thamani za fanksheni hapo ni 1, 0.939413, 0.778801, 0.569783 na 0.367879. Uzito ni 1, 4, 2, 4, 1. Tunazidisha, tunajumlisha, tunagawa kwa 12, tunapata 0.746855. Kosa ni 0.000031. Nukta tano tu, kazi ya kikokotoo cha mfukoni.

Sasa nasibu. Thamani za fanksheni hii zinacheza kati ya 0.368 na 1, na mchepuko wake sanifu ni karibu 0.201. Maana yake, ukiokota nukta moja tu na kuifanya ndiyo makadirio yako, kosa la kawaida ni kama 0.2. Ukiokota nukta N na kuchukua wastani, kosa la kawaida ni 0.201 ikigawiwa kwa kipeuo cha pili cha N. Tuziweke pamoja:

| Nukta | Kosa la Simpson | Kosa la kawaida la nasibu |
|---|---|---|
| 5 | 0.000031 | 0.09 |
| 11 | 0.0000008 | 0.061 |
| 101 | chini ya 0.0000000001 | 0.02 |

Ili njia ya nasibu ifikie usahihi ambao Simpson aliupata kwa nukta tano, inahitaji takriban nukta milioni 41. Ili ifikie ule wa nukta 11, inahitaji kama bilioni 60. Kompyuta inayokokotoa nukta milioni moja kwa sekunde ingekesha karibu saa 17 kwa kazi ambayo Simpson ameimaliza kabla hujainua kidole kwenye kibodi. Hapa hakuna cha kujadili.

Kwa nini inakwenda polepole

Wengi hukariri kwamba kosa hupungua kwa kipeuo cha pili cha N na kuishia hapo. Tuone linatoka wapi.

Kila nukta unayookota inakupa thamani iliyo juu au chini ya wastani wa kweli. Tuite tofauti hiyo mkengeuko wa nukta. Baadhi ni chanya, baadhi ni hasi, na kosa la mwisho ni jumla ya mikengeuko yote ikigawiwa kwa N. Kama yote ingekuwa upande mmoja, jumla ingekua kwa kasi ya N na kosa lisingepungua kamwe. Kama ingefutana kikamilifu, jumla ingebaki karibu na sifuri na kosa lingepungua kwa kasi ya N. Uhalisia uko katikati.

Chukua jumla hiyo na uipandishe kipeo cha pili. Unapata aina mbili za vitu: mraba wa kila mkengeuko, ambao ni N kwa idadi, na mazao ya mikengeuko miwili miwili. Kwa kuwa nukta hazitegemeani, kila zao la namna hiyo lina wastani wa sifuri: mkengeuko wa nukta ya saba hausemi lolote kuhusu wa nukta ya tisa. Mazao yote yanaondoka. Kinachosalia ni miraba N, kila mmoja kwa wastani ukiwa sawa na variansi ya fanksheni. Basi mraba wa jumla ni N mara variansi, na jumla yenyewe ina ukubwa wa kipeuo cha pili cha N mara mchepuko sanifu. Gawa kwa N, unabaki na mchepuko sanifu juu ya kipeuo cha pili cha N.

Matokeo yake ni ghali. Kupunguza kosa hadi nusu kunataka nukta mara nne. Kuongeza tarakimu moja ya usahihi kunataka nukta mara mia. Tarakimu tatu zaidi, nukta mara milioni.

Hebu tulitazame jambo hilohilo kwa jicho la mahali nukta zinapoangukia. Simpson hupanda kama mkulima wa mahindi anayevuta kamba: kila shimo lina umbali wake, hakuna ardhi iliyosahaulika. Nasibu ni kumwaga mbegu kwa mkono. Gawa kipande cha 0 hadi 1 katika vyumba 10 na uokote nukta 10 za nasibu: kwa wastani vyumba vitatu na nusu vitabaki vitupu, huku vingine vikibeba nukta mbili au tatu. Utafikiri tatizo hili linaisha nukta zikiwa nyingi. Haliishi. Gawa vyumba 1000 na uokote nukta 1000, na kama 368 vitabaki vitupu. Hata kwa milioni, asilimia 37 hivi ya vyumba havitaguswa. Nukta inayofuata haijui zilizotangulia ziliangukia wapi, hivyo haiendi kuziba pengo. Inaweza kwenda kukaa juu ya nyingine.

Simpson ananufaika kwa namna tofauti kabisa. Kila unapoongeza nukta, vipande vinakuwa vyembamba, na ndani ya kipande chembamba fanksheni laini huanza kufanana na parabola. Kosa linatokana na kupinda kusikotoshana na parabola hiyo, na linapungua kwa kipeo cha nne cha upana wa kipande. Nukta mara mbili, kosa linapungua mara 16. Katika njia ya nasibu hakuna kipande kinachokuwa chembamba. Faida pekee ya nukta mpya ni kusaidia nyingine kufutana.

Pambano la pili: vigeugeu kumi

Sasa tubadilishe uwanja. Tuchukue e^(-(x₁² + x₂² + ... + x₁₀²)), kila kigeugeu kikitoka 0 hadi 1. Nimeichagua kwa makusudi, kwa sababu jibu lake ni 0.746824 kwa kipeo cha kumi, yaani 0.053974, kwa hiyo tunaweza tena kupima kosa. Katika kazi halisi hutapata anasa hiyo.

Simpson anataka nukta zipangwe kwenye kila mhimili. Kiwango cha chini kabisa ni nukta tatu kwa mhimili, na mihimili kumi inafanya 3¹⁰, yaani nukta 59,049. Kwa nukta tatu, Simpson wa kigeugeu kimoja anatoa 0.747180; kwa kipeo cha kumi tunapata jibu lililozidi kwa asilimia 0.48, kosa la 0.000258.

Nasibu, kwa nukta hizohizo 59,049: mchepuko sanifu wa fanksheni hii ni 0.0543, na kipeuo cha pili cha 59,049 ni 243 kamili. Kosa la kawaida ni 0.000223.

Wamefika pamoja. Yule aliyekuwa nyuma kwa mabilioni sasa yuko mbele kwa pua. Ukitaka kumwongezea Simpson usahihi, nukta tano kwa mhimili zinafanya 9,765,625, na kosa lake linashuka hadi 0.000023. Nasibu kwa idadi hiyohiyo: 0.0543 kugawa kwa 3125, takriban 0.000017.

Nini kimebadilika? Fomula ya kosa la nasibu haikubadilika hata herufi moja. Ile hoja ya mazao yanayoondoka haikuuliza nukta inaishi kwenye mstari, kwenye mchemraba au kwenye nafasi ya mihimili kumi. Ilidai tu kwamba nukta hazitegemeani. Simpson ndiye aliyeanguka. Faida yake yote ilitoka kwenye wembamba wa vipande, na katika mihimili kumi nukta milioni moja zinakupa nukta nne tu kwa kila mhimili. Kwa mihimili d, kosa lake linapungua kwa N^(-4/d). Katika d = 8 hiyo ni N^(-1/2), sawasawa na nasibu; zaidi ya hapo anazidiwa. Kanuni ya trapeza, inayopungua kwa kipeo cha pili tu cha upana, inafika mpaka huo mapema, kwenye d = 4.

Kuna jambo jingine ambalo jedwali haliwezi kulionyesha, na kwangu mimi ndilo lenye uzito zaidi kazini. Gridi haina katikati. Ukishamaliza nukta 59,049 na kuona hazitoshi, kituo kinachofuata cha ulinganifu ni karibu milioni kumi. Nasibu unaisimamisha unapotaka, unaiendeleza ulipoachia, na hata umeme ukikatika nukta 31,416 ulizokwisha kukokotoa bado ni makadirio halali.

Nisiipambe kupita kiasi, lakini. Kosa halina d katika kipeo chake, ila mchepuko sanifu wenyewe unaweza kukua. Kwa fanksheni hii hii katika mihimili 20, jibu ni 0.0029 na mchepuko sanifu ni kama mara 1.75 ya jibu. Nukta 59,049 zinakupa kosa la asilimia 0.7, ilhali katika mihimili kumi zilikupa asilimia 0.4. Bado ni nafuu kuliko Simpson, ambaye sasa anadai nukta bilioni 3.5 kwa kuanzia tu.

Wa katikati: nasibu yenye mpangilio

Kabla hujachagua kati ya hao wawili, mjue wa tatu. Gawa kipande katika vyumba N na uokote nukta moja ya nasibu ndani ya kila chumba. Hakuna chumba kitupu tena. Kwa integrali yetu ya kwanza na nukta 100, kosa linashuka kutoka 0.02 hadi takriban 0.0002, mara mia pungufu, kwa gharama ileile. Kosa sasa linapungua kwa N^(-3/2), maana chumba kinapokuwa chembamba mkengeuko ndani yake nao unapungua.

Kwa kigeugeu kimoja hadi vitatu, hasa pale fanksheni inapokuwa na kona au mruko unaomvuruga Simpson, naipendelea hii. Ila nayo inadai vyumba, na vyumba huongezeka kama gridi: kugawa kila mhimili mara mbili tu katika mihimili 10 kunaleta vyumba 1024, na faida inabaki ndogo.

Ipo pia njia ya kupunguza mchepuko sanifu bila kugusa kipeo. Katika mfano wetu wa kwanza, chora mstari ulionyooka kutoka 1 hadi 0.368. Integrali ya mstari huo unaijua kamili: 0.683940. Basi kadiria kwa nasibu tofauti tu kati ya fanksheni na mstari, kisha ujumlishe. Mchepuko sanifu wa tofauti hiyo ni karibu 0.034 badala ya 0.201, kwa hiyo unahitaji nukta pungufu mara 34 hivi kwa usahihi uleule. Kipeuo cha pili cha N kimebaki palepale, lakini umeanza safari ukiwa karibu zaidi na mwisho. Hii inafanya kazi katika mihimili mingi pia, mradi unayo fanksheni rahisi inayofanana na yako.

Na kuna nukta zilizopangwa zionekane kama za nasibu huku zikiepukana, kama za Halton na za Sobol. Kwa fanksheni laini zenye idadi ya wastani ya vigeugeu huwa zinaishinda nasibu halisi waziwazi. Hasara yake ni kwamba zinategemeana kwa makusudi, kwa hiyo kipimo cha kosa ninachokieleza hapa chini hakizifai bila kuzichanganya upya mara kadhaa.

Kila njia inakwambiaje imekosea?

Simpson anajipima kwa kulinganisha hatua mbili. Kwa nukta tatu tulipata 0.747180, kwa tano 0.746855. Tofauti ikigawiwa kwa 15 ni 0.000022, na kosa halisi lilikuwa 0.000031. Si sawasawa, lakini ukubwa wake ndio huo.

Nasibu inajipima kwa nukta zilezile ilizotumia:

```python
import math, random
N = 10000
s = s2 = 0.0
for _ in range(N):
    y = math.exp(-random.random()**2)
    s += y
    s2 += y*y
w = s / N
kosa = math.sqrt((s2/N - w*w) / (N - 1))
print(w, kosa)
```

Nambari ya pili itakayotoka itakuwa karibu na 0.0020. Jibu la kweli liko ndani ya umbali huo katika takriban mara 68 kati ya 100, na ndani ya mara mbili yake katika mara 95 hivi. Wengi wanaoanza husoma nambari hii kama ukomo wa kosa, kisha wanashangaa jibu linapotoka nje yake. Kutoka nje mara moja kati ya tatu ni kawaida yake.

Lakini kipimo hiki kinajua tu kile ambacho nukta zimekiona. Fanksheni ikiwa tambarare kila mahali isipokuwa kilele chembamba chenye upana wa 0.001, nukta 100 za nasibu zitakikosa kilele hicho kabisa kwa uwezekano wa asilimia 90. Utapata jibu baya likiambatana na kosa dogo. Gridi ya Simpson yenye nukta 101 inaweza kukiruka vilevile, kwa hiyo hapa hakuna aliye salama. Dawa ni kujua kilele kiko wapi na kupeleka nukta nyingi zaidi huko, ukirekebisha uzito wake.

Mtego mbaya zaidi ni fanksheni ambayo variansi yake haina ukomo. Integrali ya 1/√x kuanzia 0 hadi 1 ni 2, jibu zuri kabisa. Ila mraba wake ni 1/x, na integrali ya huo haina mwisho. Simpson anakwama mara moja, kwa sababu nukta yake ya kwanza ni sifuri na kompyuta inakataa kugawa. Angalau unajua kuna shida. Nasibu haikatai. Inakupa wastani, inakupa hata kosa, na kosa hilo ni la uongo. Utaligundua kwa kuchapisha mchepuko sanifu kila N inapoongezeka mara kumi. Kwa fanksheni ya kawaida unatulia: 0.20, 0.201, 0.201. Kwa hii unaendelea kupanda, na mara nukta moja iliyoangukia karibu sana na sifuri inaurusha juu kwa ghafla. Ukiona hivyo, usiongeze nukta. Badilisha kigeugeu: weka x = u², na dx inakuwa 2u du, na fanksheni yote inageuka kuwa 2 kila mahali. Variansi sasa ni sifuri, na nukta moja, popote itakapoangukia, inatoa jibu kamili.

Basi ipi?

Kigeugeu kimoja au viwili na fanksheni laini: Simpson, na usifikirie mara mbili. Fanksheni ina kona au mruko na vigeugeu havizidi vitatu: nukta moja ya nasibu kwa kila chumba. Vigeugeu vinne hadi vinane: ningeanza na nukta za Sobol, kwa kuwa hapo gridi inaanza kulemea na nasibu tupu bado ni ghali. Kuanzia tisa kwenda juu, au pale eneo lenyewe lina umbo lisilokubali gridi: nasibu, ukiisaidia kwanza kwa fanksheni rahisi unayoijua integrali yake. Na kama unahitaji tarakimu sita katika vigeugeu kumi na viwili, kaa chini na kalamu kabla ya kuwasha kompyuta. Mara nyingi kuna kigeugeu kimoja au viwili vinavyoweza kuondolewa kwa mkono.